Gunia la mchele linalotoka kama gunia la hadithi: kutatua makosa ya msuko, mshono na chapa kwenye picha za akili mnemba

Ukiagiza programu ya akili mnemba ikuchoree gunia la mchele, picha ya kwanza huja na kasoro tatu ambazo utazizoea haraka. Kitambaa kinakuwa cha juti, kile cha kahawia chenye manyoya, wakati wewe ulitaka plastiki nyeupe iliyofumwa. Mdomo umefungwa kwa kamba shingoni, wakati gunia halisi hushonwa kwa mashine. Na mbele kuna maandishi ambayo ukiyatazama kwa mbali unadhani ni neno, ukisogea huoni neno lolote.

Watu wengi hapo huongeza maneno: zaidi ya uhalisia, zaidi ya ubora, zaidi ya undani. Haisaidii, kwa sababu kila kasoro ina chanzo chake na dawa ya moja haitibu nyingine. Nitafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kiroba cha mchele cha kilo 25, cheupe, kimesimama wima, mbele kina pande la buluu lenye maneno MCHELE na 25 KG kwa herufi nyeupe. Unga na mbolea nitavigusa pale vinapotofautiana. Agizo la kwanza lilikuwa hili, na limeandikwa kwa Kiingereza kwa kuwa modeli nyingi zimefundishwa kwa picha zenye maelezo ya lugha hiyo:

```
a sack of rice, woven texture, stitched top, brand logo, realistic
```

Dalili: kitambaa ni cha juti, au kina manyoya

Chanzo ni neno `sack` lenyewe. Katika picha ambazo modeli ilijifunzia, neno hilo limeambatana mno na magunia ya juti yaliyopangwa vizuri kwa ajili ya picha, mdomo wazi, nafaka zikimwagika. Ukiongeza `woven texture` unaizidishia imani hiyo, maana juti ndicho kitambaa ambacho msuko wake unaonekana kwa mbali.

Dawa ni kutaja mali yenyewe: `woven polypropylene sack`. Kiroba cha kweli kimefumwa kwa tepe bapa za plastiki, siyo kwa uzi wa mviringo. Tepe hizo hukatwa kutoka kwenye karatasi pana ya plastiki, zikavutwa ziwe ngumu, kisha zikafumwa moja juu moja chini kwenye mtambo wa duara. Ndiyo maana viroba vingi havina mshono ubavuni: kitambaa hutoka mtamboni kikiwa tayari bomba. Ukiandika `flat plastic tapes, plain weave`, manyoya hutoweka kwa kiasi kikubwa, kwa sababu tepe haina nyuzinyuzi za kuchomoza.

Jihadhari na kukataza ndani ya agizo lenyewe. Ukiandika `no burlap`, neno `burlap` limeshaingia, na mara nyingi juti hurudi. Katika Stable Diffusion weka maneno kama `burlap, jute, rope, fuzzy fibers` kwenye kisanduku cha `Negative prompt`. Katika Midjourney yaweke mwishoni baada ya `--no`. Kama programu yako haina nafasi ya kukataza, eleza tu unachokitaka na usilitaje kabisa usilolitaka.

Kwenye unga kuna mtego wa ziada. `Flour sack` huleta mfuko wa pamba wa zamani wenye chapa iliyofifia, au mfuko wa karatasi uliokunjwa juu kama wa kilo mbili. Andika `woven polypropylene sack filled with flour`, mali kwanza, kilichomo baadaye. Mbolea huwa rahisi zaidi, kwani `fertilizer bag` huelekea plastiki yenyewe, ila mara nyingi plastiki laini isiyo na msuko.

Dalili: msuko ni mkubwa kama wa mkeka, au haupo kabisa

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, nami naona ndipo panapostahili maelezo marefu kuliko pengine pote. Mtu hutoa picha hamsini akidhani hajapata neno sahihi, kumbe tatizo si neno. Ni hesabu.

Chukua kiroba chetu. Kikijazwa na kusimama kina urefu wa sentimita 65 hivi. Tepe moja ya kitambaa cha kawaida ina upana wa milimita 2.5 hivi, yaani tepe nne kwa kila sentimita. Picha yako ni ya pikseli 1024 kwa 1024, na kiroba kimechukua pikseli 800 kwenda juu. Gawanya: pikseli 12 kwa sentimita moja, kwa hiyo kila tepe imepata pikseli tatu tu.

Sasa, modeli za jamii ya Stable Diffusion hazichori pikseli mojamoja. Huchora kwanza picha ndogo iliyobanwa, ambayo kila chembe yake inasimamia eneo la pikseli 8 kwa 8, kisha huikunjua. Chembe moja, basi, inatakiwa kubeba zaidi ya tepe mbili pamoja na makutano yake. Hapo modeli huanza kubahatisha, na ina njia mbili za kujitoa: ama inalainisha uso ukawa kama karatasi, ama inakuza msuko hadi ufikie ukubwa inaoumudu. Huo wa pili ndio msuko wa mkeka. Kadiri unavyosisitiza neno `woven`, ndivyo inavyozidi kuukuza.

Kujua kama msuko umekuzwa kuna kipimo chepesi ambacho hakihitaji rula. Tazama mshono wa juu. Hatua moja ya sindano ya mashine ya kufungia magunia ni milimita 8 hivi, kwa hiyo inavuka tepe tatu, pengine tatu na nusu. Kuza picha, uhesabu tepe chini ya hatua moja. Ukipata tepe moja tu, msuko wako ni mkubwa mara tatu ya kweli, hata kama picha kwa ujumla inapendeza. Mtu aliyewahi kubeba viroba atalihisi kosa hilo bila kujua kulitaja.

Baada ya hesabu hiyo una njia mbili, na lazima uchague moja.

Njia ya kwanza: kiroba kizima kionekane, na msuko uachwe uonekane kama unavyoonekana kwa macho kwa umbali huo. Simama hatua chache kutoka kwenye kiroba halisi. Huoni tepe. Unaona mng'ao uliokatikakatika, kana kwamba mwanga umepita kwenye chujio, na unaona mikunjo midogo yenye kona kali, kwa sababu plastiki iliyofumwa hujikunja kwa ukali kuliko nguo. Hivyo ndivyo vya kuagiza: `semi-gloss surface, faint fine grid, sharp small creases`. Liondoe neno `texture` kabisa. Kwa picha ya kuuzia bidhaa au ya kuweka kwenye tangazo, njia hii inatosha, nami huianza kila mara.

Njia ya pili: unataka tepe zihesabike. Basi sogea karibu. Ili kila tepe ipate pikseli 16, yaani chembe mbili, unahitaji pikseli 64 kwa sentimita, na picha ya pikseli 1024 itakuonyesha sentimita 16 tu za kiroba. Hiyo ni kona ya juu na mshono wake, basi. Iagize hivyo: `close-up of the top corner`. Ukitaka kiroba kizima na tepe kwa pamoja, itabidi ukuze picha na kuirudia kipande kwa kipande. Katika AUTOMATIC1111, kiolesura cha kuendeshea Stable Diffusion, nenda `Inpaint`, paka eneo dogo, chagua `Only masked`, na weka `Denoising strength` kati ya 0.35 na 0.45. Chini ya hapo mabadiliko ni madogo mno. Ukipandisha sana, umbo la kiroba linaanza kupotea. Tatizo la njia hii ni kwamba tepe za kipande kimoja hazitakutana na za kipande jirani, na mpaka utaonekana. Kwa kazi nzito ni bora upige picha kitambaa cha kiroba halisi kilichotandazwa, kisha ukilaze juu ya picha kama tabaka.

Kuna dalili inayofanana na hii lakini chanzo chake ni kingine: picha ni nzuri, unaipunguza ukubwa, ghafla mawimbi ya ajabu yanapita kwenye kiroba. Hayo yametokana na kupunguza msuko mwembamba bila kuulainisha. Katika programu ya kuhariri picha ya GIMP, punguza kwa `Scale Image` ukiwa umechagua `NoHalo` au `LoHalo`. Kabla hujailaumu picha, iangalie kwa ukuzaji wa asilimia 100, kwa sababu mara nyingine mawimbi yapo kwenye skrini tu.

Dalili: mdomo umefungwa kamba, una zipu, au mishono imesambaa mwili mzima

Kamba hutokana na `sack`, tumeshaiona. Mishono iliyosambaa hutokana na `stitched`, neno ambalo modeli haijui likae wapi, hivyo hulitandaza kama viraka. Zipu hutokea pale unaposema `sealed` au `closed` bila kueleza kimefungwaje.

Ondoa neno `top` linaloning'inia peke yake na ueleze ukingo wenyewe. Kiroba kilichoshonwa kina ukingo wa juu ulionyooka na bapa, kwa sababu mashine hupita kwa mstari mmoja huku kitambaa kimebanwa. Chini ya mstari huo tumbo linaanza kuvimba, na pembe mbili za juu hubaki zimechomoza kama masikio. Masikio hayo ndiyo alama kubwa ya kiroba cha mashine. Yasipokuwepo, hata mshono ukichorwa vizuri kiasi gani, jicho linakataa. Mwishoni mwa mstari kuna mkia wa uzi unaoning'inia sentimita chache, pale mashine ilipoendelea kushona hewani kabla uzi haujakatwa.

Upande nao una maana. Mshono huu ni wa mnyororo: upande mmoja unaonekana kama mstari wa vistari vilivyonyooka, upande wa pili kama vitanzi vinavyoshikana. Ukikata mwisho unaofaa na kuvuta, uzi wote unafumuka kwa mkupuo mmoja, na ukianzia mwisho usiofaa unabaki kuhangaika na kisu. Modeli huchanganya pande hizo, vistari na vitanzi katika mstari mmoja. Chagua upande mmoja uuagize:

```
straight flat top edge, two pointed corners sticking out,
sewn closed with one straight line of white thread,
loose thread tail hanging at the right corner
```

Habari njema ni kwamba mshono, tofauti na msuko, unatosha kwenye picha ya kiroba kizima. Hatua ya milimita 8 kwa pikseli 12 za sentimita ni pikseli 10 hivi, zaidi kidogo ya chembe moja. Kwa hiyo mshono ukiharibika, tatizo ni la maneno, na kurekebisha maneno kunasaidia. Msuko ukiharibika kwa umbali huo, maneno hayasaidii.

Kama mshono bado haujitokezi, angalia urefu wa agizo. Stable Diffusion 1.5 na SDXL husoma agizo kwa mafungu ya vipande 77 vya maneno, na baadhi ya programu hukata kinachozidi. Sifa za mwanga na kamera zikitangulia, mshono huenda haukusomwa. Upandishe juu.

Dalili: chapa ni kama stika, au herufi ni za uongo

Kabla ya kurekebisha, amua kiroba chako kimechapwa kwa namna gani, kwa sababu kuna aina mbili na modeli huzichanganya. Kuna wino uliochapwa moja kwa moja kwenye tepe: rangi chache, bapa, zisizong'aa sana, na ukingo wa herufi umekatika vingazi vidogo pale wino uliporuka kutoka tepe moja hadi nyingine. Na kuna filamu inayong'aa iliyochapwa kwanza kisha ikabandikwa juu ya kitambaa: hapo picha ya sahani ya wali yenye mvuke inawezekana, rangi ni kamili, na msuko unaonekana tu kama matuta hafifu pale mwanga unapopita upande. Ukiona picha ina mng'ao wa filamu na vingazi vya wino kwa pamoja, hukuchagua. Andika `flat one-color ink printed directly on the weave` au `glossy laminated film print`, usiandike zote.

Herufi za uongo hutokana na kuomba maandishi mengi. Midjourney kuanzia toleo la 6, na modeli za FLUX, huandika vizuri neno moja au mawili ukiyaweka ndani ya alama za kunukuu. Jaribu `"MCHELE"`. Ikikosea mara tatu, acha. Uzito, maelekezo ya kupika na msimbo pau usiuombe kabisa.

Kwa kiroba chetu niliacha kuomba hata pande la buluu. Niliagiza kiroba cheupe kitupu, nikachapa mwenyewe kwenye GIMP, na hatua zake ni hizi. Nakili tabaka la kiroba, liondoe rangi kwa `Colors > Desaturate`, kisha lilainishe kwa `Gaussian Blur` ya pikseli 15 hivi hadi msuko upotee na yabaki mavimbe na mabonde tu. Hiyo ndiyo ramani ya kupindisha. Chora pande la buluu lenye herufi nyeupe kwenye tabaka lake, ulifanye lilingane na picha kwa `Layer to Image Size`, halafu fungua `Filters > Map > Displace` na utumie ramani ile kwa X na kwa Y, kiasi cha 8 hadi 12. Kijivu cha kati hakisogezi kitu. Palipo peupe na palipo peusi husukuma pande zinazopingana, hivyo herufi zinafuata tumbo la kiroba. Usipolainisha ramani kwanza, herufi zitatetemeka kama zimeandikwa kwenye maji, kwa kuwa kila tepe inazisukuma.

Mwisho lifiche tabaka la ramani, kisha weka tabaka la chapa katika hali ya `Multiply`. Buluu itapokea vivuli vya mikunjo, na herufi nyeupe zitatoweka zenyewe na kuacha kitambaa kionekane. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye kiroba halisi kilichochapwa moja kwa moja: herufi nyeupe ndani ya pande la rangi kwa kawaida ni tepe tupu ambazo hazikuguswa na wino. Kivuli cha mkunjo kikipita katikati ya herufi M kikiwa na weusi uleule wa kivuli cha kando yake, stika imekwisha.

Kwenye mbolea hakikisha tarakimu. Namba tatu za mbele ni naitrojeni, fosforasi ikihesabiwa kama P2O5, na potasiamu ikihesabiwa kama K2O, kwa mpangilio huo, kwa asilimia za uzito: yurea ni 46-0-0, DAP ni 18-46-0. Modeli huweka tarakimu yoyote, nimewahi kuona ambazo jumla yake inapita mia. Ziandike mwenyewe, na usiige sura ya chapa iliyopo sokoni, kwa sababu picha ya mfuko wa mbolea unaofanana na wa kweli inaweza kumfikia mkulima anayeitumia kutambua mfuko wake.

Agizo lililobaki baada ya yote

```
product photo of a filled white woven polypropylene sack, upright,
front view, blank, straight flat top edge, two pointed corners
sticking out, sewn closed with one straight line of white thread,
loose thread tail at the right corner, semi-gloss surface,
faint fine grid, sharp small creases, soft side light
```

Mwanga wa pembeni umewekwa kwa makusudi. Mwanga wa mbele hufuta mavimbe, na bila mavimbe ramani ya kupindisha inakuwa kijivu kitupu, chapa inabaki bapa. Ukipata kiroba ambacho umbo lake umeliridhia lakini mshono una hitilafu, hifadhi namba ya `seed`, ile ambayo modeli huanzia kuchora, ubadilishe mstari wa mshono peke yake na utoe tena, au upake mshono tu kwenye `Inpaint`. Ukianza upya na `seed` nyingine hutajua ni neno gani lililorekebisha na ni bahati gani iliyokusaidia.

Kikitoka kimevimba kama mto, pande zote sawa, taja kilichomo: `filled with rice, heavier at the bottom`. Mchele hutelemka chini, na kiroba kilichosimama huwa kinene kiunoni kuliko mabegani, chini kikiwa kimekaa bapa sakafuni.